Wimbo wa Kutoka Kanisani: Mstari Mmoja Hadi Nje

Leo nataka tukae kidogo kwenye zile dakika za mwisho za ibada ya Jumapili. Mahubiri yamekwisha, sadaka imetolewa, matangazo yamesomwa, mchungaji amenyoosha mikono na kutamka baraka, watu wameitikia amina. Hapo mwimbishaji mmoja, mara nyingi mama aliyekaa benchi la pili au la tatu, anaanzisha wimbo wenye mstari mmoja tu. Waumini wanaupokea, wanageukia mlango, na wanauimba mstari uleule, tena na tena, mpaka wa mwisho awe nje juani.

Katika ratiba nyingi za ibada wimbo huo haupewi hata namba. Wapo wanaouona kuwa ni wa kujaza muda tu, watu wasitoke kimya, na nimewasikia viongozi wa kwaya waliosoma muziki wakiuomba radhi mbele ya wageni, eti ni kakibwagizo tu. Mimi nasema ule ni wimbo wenye kazi maalumu, kazi ambayo tenzi nzuri za beti nne haziiwezi, na nitaeleza kwa nini.

Mfano wangu nauchukua Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ukitoka Mansa kwa barabara iendayo Nchelenge na Ziwa Mweru, unapita hapo. Msikilizaji wa Kiswahili asipaone kuwa mbali. David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh akiishi huko miaka mingi. Ukifika Nchelenge leo, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, Kiswahili cha Katanga kinavuka na samaki, na miji inayopokea mitumbwi huko ni Kilwa na Pweto.

Jirani ya Mwansabombwe ipo Mbereshi. Wamisionari wa London Missionary Society walifungua misheni hapo mwaka 1900, na mwaka 1915 alifika Mabel Shaw, aliyeanzisha shule ya bweni ya wasichana. Kanisa lililotokana na misheni ile liliungana na mengine kuwa Kanisa la Muungano la Zambia, ambalo wenyewe wanaliita UCZ, mnamo tarehe 16 Januari 1965 pale Mindolo, Kitwe. Upande wa Kongo, pwani ya magharibi ya ziwa hilihili, Dan Crawford alijenga Luanza katika miaka ya 1890, na kutoka huko wale wanaojiita Ndugu walienea pande zote mbili za maji. Wakatoliki nao wana parokia na hospitali zao mpaka Kashikishi. Kwa hiyo kwenye pwani hii moja zimekutana namna tatu za kumaliza ibada.

Kwa watu wa Mbereshi, waliolelewa katika desturi ya Kikongregeshano, baraka hutamkwa na mchungaji. Kwa Wakatoliki, padre hubariki, kisha huaga, na watu hujibu kwa shukrani. Ajabu ni kwamba vitabu vya misa vya Roma haviweki wimbo wowote baada ya hapo. Kwa sheria ya liturujia, misa imekwisha, na wimbo wa kutokea umeingia kwa desturi ya watu wenyewe. Kwa Ndugu hakuna mchungaji aliyewekewa mikono wa kutamka baraka, hivyo maneno ya kutakiana heri lazima yatoke vinywani mwa waumini. Tazameni basi: mmoja amekwisha barikiwa na mchungaji, wa pili ibada yake imefungwa rasmi, wa tatu hana wa kumbariki ila mwenzake, na wote watatu wanahitaji kitu cha kuimba wakielekea mlangoni.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Ni hesabu ya mfano, kila mmoja anaweza kuipima kanisani kwake. Chukueni kanisa lenye watu 300 na mlango mmoja mkubwa. Katika makanisa mengi ya Zambia, na ya Tanzania pia, watu hawatoki na kutawanyika. Anatangulia mchungaji na wazee wa kanisa, wanasimama nje. Anayefuata anawapa mkono, kisha anasimama pembeni ya wa mwisho. Anayemfuata anawapa mkono wote, naye anaungana na mstari. Mstari unarefuka, unapinda, unazunguka uwanja, na mwishowe kila mtu amemshika mkono kila mtu.

Watu wanatoka mmojammoja, tuseme kila mmoja kwa sekunde 2. Watu 300 wanahitaji sekunde 600, yaani dakika 10. Yule wa mwisho akishavuka kizingiti bado ana mikono ya karibu watu 300 ya kushika, na kila mkono ukichukua sekunde moja, hizo ni dakika 5 nyingine. Jumla dakika 15.

Utenzi wa beti nne, kila ubeti sekunde 35, unamalizika kwa dakika 2 na sekunde 20. Kwa muda huo wametoka watu 70. Wengine 230 bado wako kwenye mabenchi, wimbo umekatika, na mnajua kinachofuata: mazungumzo, watoto wanakimbia, simu zinawashwa, na wale walioko nje wanashikana mikono kama watu waliokutana sokoni. Ukiuanza utenzi upya kutoka ubeti wa kwanza, maneno yanayosimulia hadithi yanarudi mwanzo wa hadithi, na watu wanasikia kwamba kuna kitu hakiko sawa. Ila mstari mmoja wenye sekunde 12 unarudiwa mara 75 katika dakika hizo 15, na hauna mwanzo wa kurudia wala mwisho wa kuufikia. Unaweza kukatwa mara ya 40 au mara ya 90, bado umekamilika.

Na kuna jambo la mikono. Mtu anayewapa mkono watu 300 hawezi kushika kitabu. Macho yake lazima yawe usoni mwa mwenzake. Wimbo wa namna hii ni lazima ukae kichwani kwa mtoto wa miaka minne na kwa bibi asiyesoma, na mgeni aliyefika asubuhi hiyo aweze kuuimba akisikia mara ya tatu.

Hiyo ni sababu ya miguu na mikono. Sababu ya pili iko ndani ya lugha, na hii ndiyo inayonipendeza zaidi.

Kibemba, lugha ya Luapula, ni lugha ya toni. Sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na huko kupanda na kushuka ni sehemu ya maana yake. Mwimbaji wa Kibemba akitunga wimbo, maneno yenyewe yanamwonyesha wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kuishusha. Utenzi wa Ulaya unakuja na sauti iliyokwisha pangwa, halafu beti nne au tano za tafsiri zinaingizwa humo humo. Hata mfasiri hodari akifanikiwa kuupatanisha ubeti wa kwanza na sauti, wa pili una maneno mengine yenye toni nyingine, na sauti ni ileile. Lazima pavunjike mahali. Padre Arthur Morris Jones, Mwanglikana aliyekuwa mkuu wa shule ya Mapanza kusini mwa nchi ilipokuwa bado inaitwa Rodeshia ya Kaskazini, aliandika juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba waumini walikuwa wakiimba maneno ambayo sauti zake zilipingana na namna yanavyosemwa. Watu walizoea, kama wanavyozoea mambo mengi, lakini kuzoea si kusikia vizuri.

Wimbo wa mstari mmoja hauna tatizo hilo hata kidogo, kwa kuwa maneno ni machache na sauti imezaliwa nayo. Kila unaporudi, toni na sauti zinakubaliana tena. Mara 75, na mara zote neno linasikika kama linavyosemwa nyumbani.

Sisi wa Kiswahili hatuna toni, lakini tuna mkazo, na mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ngojeni nitunge mstari hapa hapa, si wa kanisa lolote: Mungu awafikishe nyumbani. Useme polepole. Uzito unakuja kwenye "mba" ya nyumbani, kisha "ni" inatua kwa wepesi. Mwimbaji aliyezaliwa na lugha hii ataivuta "mba", na "ni" ataiachia ishuke. Sasa uweke mstari huo kwenye sauti ya kizungu inayomaliza kwa noti moja nzito ya mwisho. Utalazimika kuimba nyumbaNI, na jina la Mungu likiangukia vibaya linakuwa MuNGU. Tenzi zetu nyingi za zamani ziko hivyo, tumezipenda hivyo, sina ugomvi nazo.

Waliosikia kasoro hiyo mapema walifanya kazi. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959. Pale Makumira, karibu na Arusha, Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wa theolojia walete sauti za kwao, na mwaka 1968 ukatoka mkusanyo wa Tumshangilie Mungu. Bernard Kyamanywa alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, na wimbo wake wa Pasaka wa mwaka 1966, Mfurahini Haleluya, umevuka bahari. Lakini hata huko juhudi ziliwekwa zaidi kwenye nyimbo za beti na kiitikio. Wimbo wa kuagana uliachwa mikononi mwa akina mama wa benchi la pili, na pengine ndiyo heri yake.

Turudi Luapula tusikilize sauti zinavyopangwa. Padre Jones aliona kwamba makabila ya Afrika yanaachana katika namna ya kuongeza sauti ya pili. Wapo wanaoimba wakipishana kwa hatua nne au tano za ngazi ya muziki, na wapo wanaopishana kwa hatua tatu. Wabemba aliwaweka katika hao wa hatua tatu. Maana yake ni hii: sauti ya pili inatembea sambamba chini ya ile ya kwanza, hatua tatu chini, ikipanda inapopanda na kushuka inaposhuka. Hakuna anayefundishwa kwa karatasi. Na kwa kuwa sauti zote mbili zinapanda na kushuka pamoja, toni ya maneno haiharibiki kwa yeyote. Linganisheni na kwaya ya sauti nne kwa mtindo wa Ulaya, ambapo soprano inapanda huku besi ikishuka kwenye neno lilelile. Kwa Kibemba, mmoja wa hao wawili analisema neno vibaya.

Sasa kazi ya mwimbishaji. Mstari haubadiliki, lakini yeye ana nafasi ndogo kabla ya waumini kuitikia, na katika nafasi hiyo anataja watu. Anataja akina mama, wazee, watoto, wagonjwa walioko hospitalini, waliofiwa wiki hiyo. Katika mfano wangu wa Kiswahili angesema, "akina mama," na wote wanajibu, "Mungu awafikishe nyumbani." Kwenye pwani ya Mweru kuna majira ambayo mwimbishaji mwenye akili hayapiti. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika ziwa na mto Luapula ili samaki wazaliane. Ziwa likifunguliwa mwezi Machi, wavuvi wanarudi majini, na wale wa chisense, dagaa wa huko, wanavua usiku kwa taa, hasa usiku usio na mwezi. Jumapili ya kwanza ya Machi, ukimtaja mvuvi katika nafasi ile ndogo, kanisa zima linajua baba gani, kaka gani, atakuwa majini jioni hiyohiyo. Mstari ni uleule wa wiki iliyopita, lakini sasa una mtu ndani yake.

Yapo yanayouharibu wimbo huu, na nimeyasikia katika makanisa mengi, tangu Nchelenge mpaka Dar es Salaam.

La kwanza ni kuuanza juu mno. Mwimbishaji amesisimka kwa mahubiri, anaupiga juu. Waumini wanaoimba bila kinanda wakishapata moto huwa wanapanda wenyewe kidogokidogo, na kufikia mara ya 30 wanaume wamenyamaza na akina mama wanapiga kelele. Utajua kwa kusikiliza besi: ikipotea, wimbo ulianza juu. Dawa ni kuuanza chini kuliko unavyotamani, mahali ambapo mzee wa miaka 70 anaweza kuubeba robo saa.

La pili ni kinanda cha umeme chenye mdundo uliokwisha rekodiwa. Kinawekwa kwenye mapigo 120 kwa dakika na hakisikilizi mtu. Miguu ya watu wanaopeana mikono, wakiwemo wagonjwa na mama mwenye mtoto mgongoni, inakwenda kama hatua 80 kwa dakika. Wimbo unawakimbia watu, na watu hawawezi kuurudisha. Ngoma ya mkono inapunguza mwendo ikimwona bibi mwenye mkongojo kwenye ngazi. Mashine haimwoni.

La tatu watu wengi wanalisikia bila kujua chanzo chake. Msafara ukishatoka nusu, walio nje na walio ndani wanaanza kupishana. Walio nje wako nyuma kidogo, au mbele kidogo, na mwisho wimbo unapasuka mara mbili. Watu wanalaumiana kwamba hawako makini. Kosa ni la hewa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Msafara wenye urefu wa mita 68, toka madhabahuni mpaka mwisho wa mduara uwanjani, unachelewesha sauti kwa sehemu 2 za 10 za sekunde. Kwa mwendo wa hatua 80, pigo moja lina robo tatu ya sekunde, kwa hiyo kuchelewa huko ni zaidi ya robo ya pigo. Walio nje wanaimba sawasawa na wanachosikia, kumbe wanachosikia kimekwisha chelewa, na sauti yao ikirudi ndani inachelewesha zaidi. Vipaza sauti vya mbele vikifunguliwa kwa nguvu, hali inakuwa mbaya, maana sasa watu wa uwanjani wanafuata sauti ya mbali wakati ngoma iko karibu.

Waliozoea wana njia yao, nayo ni rahisi. Ngoma haikai mbele wala haitangulii nje, inasimama mlangoni, katikati ya msafara. Hapo umbali wa kwenda kila upande ni nusu tu. Na mwimbishaji wa pili anasimama pale pale, akiwaona walio ndani na walio nje. Yule wa kwanza akishatoka, wa pili anashika uongozi bila kukata. Ndiye pia anayejua wimbo uishe lini, kwa kuwa ndiye anayemwona mtu wa mwisho akishika mkono wa mwisho.

La nne ni kwaya kuuchukua wimbo. Kwaya inaimba vizuri mno, kwa madoido, na waumini wanafunga midomo kusikiliza. Wakati huo hakuna anayemtakia jirani yake heri. Kuna watu wanatumbuizwa wakielekea mlangoni. Mimi hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Baraka ya mchungaji ilishatolewa kutoka mbele kwenda kwa waumini. Wimbo wa kutoka ni nafasi ya waumini kubarikiana wenyewe kwa wenyewe, uso kwa uso, na wengine wameshikana mikono na mtu ambaye hawajasemezana naye tangu msiba wa mwaka jana. Walutheri wa Tanzania wanamaliza kwa mduara nje, sala fupi, kisha mnada wa kuku, ndizi na mayai yaliyoletwa kama sadaka. Nao pia ukiwasikiliza, wimbo ukibebwa na wote, mduara unafungika haraka. Ukibebwa na kwaya peke yake, nusu ya watu wamekwisha fika barabarani.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa ibada mnaonisikiliza, wa pwani ya Mweru na wa kwingine kote kunakofika sauti hii. Jumapili ijayo zimeni kinanda na vipaza sauti mara tu baraka ikishatamkwa. Mpelekeni mpiga ngoma mlangoni, mchagueni mtu wa pili wa kushika uongozi, anzeni chini, na kwaya iingie katika mstari wa kushikana mikono kama watu wengine. Kisha mumwachie mama wa benchi la pili aanzishe.